Goma: Mwanafunzi anayerefuka haraka na kujikwaa asikatwe pointi za jimnastiki

Katika masomo ya mji wa Goma na pembeni yake, bado kuna adhabu ambayo haiandikwi katika sheria yoyote. Mvulana wa darasa la nane, ambaye mwaka jana aliruka kamba vizuri, leo anaiangusha kwa magoti. Msichana aliyekuwa wa kwanza katika nzango anachelewa kuinua mguu, wimbo unamwacha. Wenzao wanacheka. Mwalimu anawaita wavivu, anawazungusha kiwanja mara tano, na mwisho wa kipindi anaandika 3 kwa 10 katika bulteni. Adhabu hiyo haina haki na inapaswa kukoma. Watoto hao hawakuacha kujitahidi. Miili yao imebadilika upesi kuliko walivyoweza kuizoea.

Mambo yenyewe yanajulikana. Kabla ya ubalehe mtoto huongeza sentimita 5 au 6 kwa mwaka. Kisha unafika wakati wa kurefuka kwa kasi: kwa wasichana wengi karibu na miaka 12, kwa wavulana wengi karibu na miaka 14. Katika kilele chake msichana anaweza kuongeza sentimita 8 kwa mwaka, na mvulana 9 au 10. Mwili haukui wote pamoja. Nyayo hutangulia, miguu hufuata, kiwiliwili huja nyuma. Nguvu za misuli huchelewa zaidi, kwa miezi kadhaa. Kwa hiyo kuna kipindi ambapo mtoto anabeba miguu mirefu kwa nguvu za zamani.

Mkulima aliyezoea jembe la mpini mfupi, akipewa la mpini mrefu, siku za kwanza atapiga pasipo mahali alipolenga. Mkono ni uleule na shamba ni lilelile, lakini kipimo alichozoea hakifai tena. Mwanafunzi anayerefuka yuko hivyo. Akili yake inatuma mguu kwa kipimo cha mwezi wa tisa, na mguu umeshakuwa wa mwezi wa kwanza. Hakuna mkulima anayechapwa kwa sababu ya mpini mpya.

Ukweli mwingine usifichwe: si kila mtoto anapoteza wepesi. Huko Leuven, nchini Ubelgiji, wachunguzi walifuata wavulana kwa miaka kadhaa, wakaona kwamba wengi waliendelea vizuri hata wakati wa kurefuka, na wachache tu ndio waliorudi nyuma kwa muda. Wapo walimu wanaosema: "Kama mwenzake amerefuka na bado anaruka, huyu ni uvivu tu." Hoja hiyo inaanguka hapohapo. Wachache wanaorudi nyuma ndio wanaohitaji mwalimu mwenye macho. Macho hayo hayatoshi yakiwa peke yake, yanahitaji kipimo.

Umri hauwezi kuwa kipimo, hasa hapa kwetu Kivu. Katika madarasa ya Goma wamo watoto waliokimbia Masisi na Rutshuru. Wengine walipoteza miaka ya masomo, wengine karatasi zao za kuzaliwa zilibaki nyumbani. Mtoto aliyekula kidogo kwa muda mrefu huchelewa kubalehe. Anaweza kuwa na miaka 15, akakaa darasa la saba, na kurefuka kwake ndiyo kwanza kunaanza. Anayemwambia "wewe ni mkubwa, ona aibu" anamhukumu kwa njaa na kwa vita, vitu ambavyo mtoto hakuvichagua.

Kipimo chenyewe hakigharimu franka nyingi. Kinachotakiwa ni ukuta ulionyooka, utepe wa fundi cherehani, chaki, kitabu kigumu na kaye moja. Mtoto anavua viatu, anaweka visigino, matako na mgongo kwenye ukuta, anatazama mbele. Kitabu kinalazwa juu ya kichwa, alama ya chaki inawekwa chini yake, sentimita zinaandikwa katika kaye. Kila mtoto apimwe mara mbili, kwa sababu kosa dogo la mkono linaharibu hesabu. Kazi ifanywe asubuhi kila mara, maana mwili hufupika kidogo mchana kwa kusimama na kubeba. Inarudiwa kila baada ya miezi mitatu. Anayeongeza sentimita 2 au zaidi katika miezi hiyo mitatu yuko katika kasi. Majina yasiandikwe ukutani, na urefu usisomwe mbele ya darasa.

Mfano wa hesabu unaonyesha jinsi kaye hiyo inavyosema. Mvulana anapimwa Septemba, ana sentimita 149. Desemba ana 152, maana yake ameongeza 3 kwa miezi mitatu, kasi ya 12 kwa mwaka. Machi ana 154 na nusu. Juni ana 155 na nusu, ameongeza 1 tu. Bila kaye, mwalimu anaona mvulana aliyeharibika kuanzia Oktoba akapona mwezi wa sita kwa miujiza au kwa fimbo. Akiwa na kaye anaona kwamba mtoto alikuwa katika kasi tangu Septemba hadi Machi, kisha kasi ikapungua na mwili ukaanza kutulia.

Katika miezi hiyo mwalimu asimfukuze mvulana huyo kiwanjani. Kumkalisha chini ya mti ni kosa la pili, kwa sababu mwili mpya unazoeleka kwa kutumiwa. Kinachobadilika ni zoezi. Kama darasa linaruka kamba ya sentimita 110 kwa kukimbia hatua 10, yeye apewe kamba ya sentimita 90 na hatua 3. Mbio ndefu kabla ya kuruka ndiyo inayomchanganya: hatua zake zimekuwa ndefu, anafika karibu mno na kamba. Akiweza mara kadhaa kwa hatua 3, aongezewe hadi 5. Kamba ipande baadaye. Mwalimu abadilishe jambo moja kwa wakati mmoja, ili mtoto ajue kilichomshinda.

Kutua kunahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu viwanja vingi vya Goma ni mawe ya volkeno. Mtoto atue kwa miguu miwili, magoti yakiwa yamepinda na yasigongane, kwa sauti ndogo. Sauti kubwa ya kutua inamwambia mwalimu kwamba misuli haijashika uzito. Pasipo mchanga wa kutosha, mazoezi ya kuruka juu yaachwe. Dakika 10 za kwanza za saa ziwe za mizani kwa darasa lote: kusimama kwa mguu mmoja, kutembea juu ya mstari wa chaki, kusimama ghafla kwa filimbi. Katika nzango wimbo uanze polepole, uharakishwe wakati miguu imeshaufuata. Katika mpira, pasi ianze watoto wakiwa wamesimama, kisha wakitembea, ndipo wakikimbia. Hivyo hakuna anayetengwa, na hakuna anayejua ni nani ameandikwa katika kaye.

Linabaki suala la pointi, na hapo ndipo maprefe na madirekta wanapaswa kujibu. Wapo wanaosema inatosha kumlinganisha mtoto na yeye mwenyewe. Haitoshi. Mvulana wa mfano hapo juu atashindwa na yeye mwenyewe wa mwaka jana, na hiyo si haki pia. Wakati wa kasi, urefu wa kuruka na sekunde za mbio ziandikwe katika kaye bila kutiwa katika bulteni. Pointi zitolewe kwa kile mtoto anachoweza kujifunza: anatua vipi, anasimama kwenye mguu mmoja kwa muda gani kuliko mwezi uliopita, anafuata mazoezi au hapana. Kasi ikipungua, kamba na saa zirudi.

Walimu watajibu kwamba wana wanafunzi 70 kiwanjani, mishahara inachelewa, na programu ni moja kwa wote. Malalamiko ya mshahara ni ya kweli, lakini hayampi mtu ruhusa ya kumcheka mtoto. Wingi wa wanafunzi una jibu: wapimane wawili wawili, mwalimu akikagua alama ya chaki, na kazi igawanywe kwa vipindi viwili. Na programu inataka mtoto ajifunze kuruka. Haikusema kamba ya kwanza iwe sentimita ngapi kwa kila mwili.

Wazazi nao wana sehemu yao. Mtoto wa kipindi hicho anavunja vikombe, anamwaga maji, anagonga mlango, kisha anaitwa mpumbavu. Mvulana huyohuyo anabeba bidoni ya lita 20, ambayo ni kilo 20, mara mbili kwa siku, au anasukuma chukudu kabla ya masomo. Akifika kiwanjani goti lake limeshachoka. Uvimbe mdogo wenye maumivu chini ya kilegesambwa, au maumivu ya kisigino baada ya kukimbia, hutokea sana katika umri huu, pale msuli unapovuta mfupa ambao bado ni laini. Dawa yake ya kwanza ni kupunguza kuruka na mizigo: bidoni ya lita 10, safari chache, mtoto mwingine asaidie. Mzazi amwambie mwalimu kazi za nyumbani, na mwalimu aulize.

Lakini kurefuka kusitumiwe kufunika ugonjwa. Uzito wa kurefuka huja polepole na hupungua kwa miezi. Mtoto akichechemea huku nyonga au goti likimuuma, asikimbizwe; apelekwe kituo cha afya. Miguu yote miwili ikikakamaa ghafla, kwa siku moja au mbili, hasa katika familia inayokula mihogo michungu isiyolowekwa vya kutosha, inaweza kuwa konzo, ugonjwa ulioonekana hata Kivu ya Kusini. Mguu au mkono ukilegea ghafla kwa mtoto wa chini ya miaka 15, kituo cha afya kiarifiwe siku hiyohiyo kwa sababu ya polio. Udhaifu wa upande mmoja, au unaozidi kila wiki, hauna uhusiano na kurefuka. Kaye ya vipimo inasaidia hapa pia: mtoto anayeanguka bila kurefuka anahitaji muganga.

Kabla ya bulteni ijayo, kila prefe anaweza kumwuliza mwalimu wa jimnastiki swali moja kuhusu kila mwanafunzi aliyepewa chini ya 5 kwa 10: ameongeza sentimita ngapi tangu Septemba? Pasipo jibu katika kaye, pointi hiyo isitiwe sahihi. Na mzazi anayepokea bulteni hiyo, awe mwenyeji au aliyekimbia vita, ana haki ya kuuliza swali hilohilo.