Mafuta ya jua yasigawiwe kwenye vichupa visivyo na maandishi

Kila mafuta ya kukinga jua yakigawiwa, maswali ni yale yale. Tumeamua kuyajibu pamoja, na tuseme wazi msimamo wetu: kumimina mafuta kutoka dumu kubwa kwenda kwenye vichupa vitupu kukome, au basi kila kichupa kiandikwe.

Kile kikopo kilichochorwa na kifuniko kimeinuka ni cha nini?
Kinahesabu muda baada ya kufungua. Ndani yake au pembeni utaona 6M, 12M au 24M. M ni miezi. Saa hiyo huanza siku unayofungua, si siku ya kununua.

Mbona kremu nyingine haina tarehe ya mwisho kabisa?
Kwa sheria ya Ulaya, kipodozi kinachokaa vizuri zaidi ya miezi 30 kabla ya kufunguliwa hakilazimiki kuandikwa tarehe ya mwisho. Kinawekewa kile kikopo tu. Kwa hiyo kremu isiyo na EXP si lazima iwe feki. Na ile namba ndefu yenye neno LOT ni namba ya toleo la kiwandani, usiisome kama tarehe.

Zikiwepo zote mbili, tufuate ipi?
Inayofika kwanza. Chukua tyubu iliyoandikwa EXP 11/2026 na 12M. Ukiifungua tarehe 10 Machi 2025, mwisho wake ni 10 Machi 2026, hata kama EXP bado iko mbali. Ukiifungua Agosti 2026, usihesabu miezi 12 mbele, Novemba ndiyo mwisho. Ndiyo maana tunasema: ukifungua tu, andika tarehe kwenye tyubu kwa kalamu isiyofutika.

Na maskara?
Hiyo ndiyo yenye muda mfupi kuliko zote. Nyingi huandikwa 6M, na wataalamu wengi wa macho wanashauri miezi 3 tu. Brashi inagusa kope, inarudi kwenye kichupa chenye unyevu na giza, vijidudu vinazaliana humo. Ikikauka msiongeze maji wala mate, wadada, mtakuwa mnaviongezea vijidudu. Ukiugua jicho jekundu, itupe hata kama ina wiki moja. Na ya kuazimana, hapana.

Mafuta ya jua yakipitwa na muda yanadhuru?
Ubaya wake mkubwa ni kwamba hayakulindi, na wewe unadhani umelindwa. Joto likiyavuruga, maji na mafuta hutengana, basi ukijipaka sehemu moja inapata kinga na nyingine inabaki wazi. Ukikamua kwanza yakatoka maji, au yana madonge kama maziwa yaliyoganda, au harufu na rangi zimebadilika, yaache hata kama tarehe haijafika. Tarehe iliwekwa kwa mafuta yaliyotunzwa vizuri, siyo yaliyokaa juu ya kabati chini ya bati mchana kutwa. Yaweke chini, kivulini, mbali na ukuta unaopigwa na jua. Kwa ndugu zetu wenye ualbino, kosa hili linaishia kwenye vidonda na saratani ya ngozi.

Yangu yanadumu mwaka mzima, niko sawa?
Hapana, unajipaka kidogo mno. Uso na shingo vinahitaji kama kijiko kimoja cha chai, yaani mililita 5. Tyubu ya mililita 100 ni mipako 20. Ukipaka mara mbili kwa siku, inaisha siku ya 10, na mikono hatujaigusa. Anayepewa tyubu moja kwa miezi mitatu atabana tu, atafanyaje?

Sasa turudi kwenye dumu. Mnapomimina kwenye kichupa, saa ya kufunguliwa imeshaanza, na EXP inabaki kwenye dumu ambalo mpokeaji halioni. Kichupa chenyewe pengine kilikuwa cha sabuni au dawa. Tunajua sababu yenu: dumu ni nafuu, na watu ni wengi. Tunaielewa. Lakini mama anayempaka mwanawe mwenye ualbino hana njia ya kujua kama yale mafuta bado yanafanya kazi, mpaka ngozi ya mtoto imwambie.

Tunachoomba ni tyubu ndogo zilizofungwa kiwandani, kwa kiasi kinacholingana na matumizi. Ikishindikana, leteni vichupa vipya visafi, na kwenye kila kimoja kipande cha plasta chenye mistari mitatu: jina la mafuta na SPF yake, EXP ya dumu, na siku dumu lilipofunguliwa. Kazi ya kuandika tupeni sisi, vijana tupo.