Kifafa, Vidonge na Hamu ya Mwanamume: Swali Lisiloulizwa Kliniki

Mwanamume mwenye kifafa anapohudhuria kliniki, kwa kawaida huulizwa ameanguka mara ngapi tangu alipokuja mara ya mwisho na kama anameza dawa bila kukosa, lakini swali la iwapo bado ana hamu ya tendo la ndoa na uume wake unasimama vizuri huachwa, kwa kuwa daktari anaona haya kuuliza na mgonjwa anaona haya kusema. Makala haya yanashikilia kwamba jukumu la kuanzisha mazungumzo hayo ni la daktari. Mwanamume anayeamini kuwa vidonge vinamwondolea nguvu za kiume huviacha kimyakimya, na kuacha ghafla dawa kama fenobabitoni kunaweza kuzua degedege la mfululizo lisilokatika, hali ambayo huua.

Imani yake mara nyingi ina msingi. Fenobabitoni, fenitoini na kabamazepini, dawa za zamani ambazo kwa unafuu wa bei ndizo zinazotegemewa katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki, huchochea ini litengeneze vimeng'enya vingi zaidi, yaani protini zinazoharakisha kuvunjwa kwa kemikali mwilini. Ini lililochochewa hivyo huongeza pia protini inayobeba homoni za jinsia katika damu, na protini hiyo huishika testosteroni, homoni inayoamsha hamu ya mwanamume, kwa nguvu kiasi kwamba sehemu kubwa yake inazunguka mwilini bila kufanya kazi. Hapo ndipo kipimo cha kawaida kinapopotosha, kwa sababu maabara ikipima testosteroni yote kwa jumla, iliyoshikwa na iliyo huru, jibu linaweza kutoka la kawaida kabisa, na mgonjwa akaambiwa kuwa tatizo lake liko kichwani tu, ilhali ile iliyo huru imepungua.

Hata hivyo si haki kuzitwika dawa lawama yote. Kifafa kinachoanzia katika sehemu ya ubongo iliyo usawa wa sikio huweza kuvuruga kituo kinachoiongoza tezi ya pituitari, ambayo nayo huziamuru korodani, na hivyo hamu inaweza kufifia hata kwa mtu ambaye hajameza kidonge hata kimoja. Kuna pia sonona, na kuna hofu ya kuanguka mbele ya mke.

Ichukuliwe hali ya kubuni ya mwanamume wa miaka 34 anayemeza kabamazepini miligramu 400 asubuhi na jioni, ambaye hajaanguka kwa miaka miwili, lakini hamu yake imekuwa ikififia tangu miezi michache baada ya kuanza dawa. Daktari makini ataanza kwa kumuuliza kama uume bado husimama alfajiri anapoamka, kwa maana ukisimama vizuri wakati huo, mishipa ya damu na ya fahamu huwa kwa kawaida ni mizima, na uchunguzi unaelekea zaidi kwenye hofu, huzuni au mambo ya nyumbani. Usiposimama, na hamu yenyewe haipo, ataagiza damu ichukuliwe asubuhi, wakati testosteroni iko juu, aipime pamoja na ile protini inayoibeba, na kipimo kikionyesha upungufu, akirudie siku nyingine. Atapima pia sukari na shinikizo la damu, kwa kuwa kisukari na shinikizo huharibu usimamaji wa uume bila kifafa kuhusika.

Ikibainika kuwa dawa ndiyo chanzo, uamuzi bado ni mgumu. Lamotrijini na levetirasetamu hazilichochei ini namna hiyo, lakini lamotrijini hupandishwa polepole kwa wiki kadhaa ili kuepusha vipele vya hatari, na levetirasetamu huweza kuleta hasira na huzuni ambazo nazo huua hamu. Mwanamume huyu anaweza kuanguka tena katika kipindi cha kubadilisha, na kama riziki yake ni udereva au kupanda ngazi za ujenzi, kuanguka mara moja kunaweza kumgharimu kazi au uhai. Kwa hiyo ni yeye, baada ya kuelezwa pande zote, na ikiwezekana mkewe akiwepo, anayestahili kusema ni hasara ipi anayoweza kuivumilia.

Kuna jambo jingine ambalo daktari asipolisema, muuza dawa dukani huenda asiliseme. Sildenafili, kidonge cha kuusimamisha uume, huvunjwa na vimeng'enya vilevile vilivyoongezwa na kabamazepini, fenitoini na fenobabitoni, kwa hiyo inaweza kumfikia mgonjwa ikiwa dhaifu, naye akaongeza kipimo kwa kubahatisha. Tena hairudishi hamu iliyopotea, na haifai kabisa kwa anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti, kwa kuwa zikikutana hushusha shinikizo la damu hadi kiwango cha kutishia maisha.