Mwanao aligusa mpira mara ngapi Jumamosi?

Wiki tatu zilizopita nilikaa kwenye kivuli cha mwembe kando ya uwanja wa shule ya msingi, nikimtazama mwanangu wa miaka minane akicheza mechi. Walikuwa 11 kwa 11, uwanja mzima, magoli ya chuma. Yeye alipangwa beki wa kulia. Kwa kuwa sina utaalamu wa soka, nikaamua kufanya kitu kimoja tu ninachokiweza, nacho ni kuhesabu. Katika dakika 20 za kipindi cha kwanza aligusa mpira mara nne, na mara moja kati ya hizo ilikuwa kuurusha kwa mikono. Muda uliobaki alichora mchangani kwa kidole gumba cha mguu.

Mapumziko nilimfuata kocha, kijana mpole anayejitolea. "Mama, lazima wauzoee uwanja mkubwa," akaniambia. "Ndiko watakakochezea."

Nilimwelewa, lakini tuipige hesabu hiyo. Watoto 22 na mpira mmoja kwa dakika 20: hata wangegawana sawa kabisa, na mpira usitoke nje hata mara moja, kila mmoja angekaa nao chini ya dakika moja. Wakicheza 4 kwa 4, muda huo huo unampa kila mtoto dakika mbili na nusu. Na sote tunajua kwamba hawagawani sawa. Kwenye uwanja mkubwa mpira unakuwa wa watoto wanne au watano wenye miguu mirefu, na wengine wanabaki watazamaji waliovaa jezi.

Lakini idadi ya kuugusa si jambo lote, maana mtoto angeweza kuupiga ukutani mara mia. Mguso wa kwenye mchezo una swali ndani yake: mwenzangu yuko wapi, adui anakuja kutoka wapi, nipige chenga au nitoe pasi? Katika timu ya watoto wanne, mwenye mpira ana wenzake watatu tu, na wote wako karibu kiasi kwamba pasi yake dhaifu inawafikia. Mwenzake aliye mbali mita 40 hayumo kwenye mchezo wake, kwa sababu mguu wa mtoto wa miaka minane haufikishi mpira huko. Ndiyo maana kwenye uwanja mkubwa anajifunza kitu kimoja, yaani kubutua mbele na kukimbiza.

Goli nalo linadanganya. Goli la wakubwa lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44. Golikipa mdogo hafikii mwamba hata akiruka, kwa hiyo shuti lolote la juu linaingia. Mfungaji anashangiliwa, na wiki ijayo anarudia lile lile.

Wenzetu wameliona hili. England walipitisha mabadiliko mwaka 2012: watoto wa chini ya miaka 7 na 8 wakacheza watano kwa watano, wa chini ya miaka 9 na 10 saba kwa saba, wa chini ya miaka 11 na 12 tisa kwa tisa, na 11 kwa 11 ikasubiri baada ya hapo. Ujerumani, kuanzia msimu wa 2024/25, wale wadogo kabisa wanacheza wawili au watatu kila upande, kwenye magoli manne madogo. Ukiniuliza mimi, wamerudi kwenye chandimu yetu. Watoto wakiachwa wenyewe uchochoroni na mpira wa soksi, wanaweka mawe mawili huku na mawili kule, wanagawana watatu watatu, na hakuna anayechora mchangani. Sisi wakubwa ndio tunaofika na filimbi na kuwapanga 11.

Jumamosi iliyofuata kocha alinikubalia tujaribu kwa dakika 40. Watoto walikuwa 24. Tulichukua nusu moja ya uwanja, tukaikata viwanja vitatu vilivyopangana ubavu kwa ubavu, kila kimoja hatua 30 za mtu mzima kwa urefu na 20 kwa upana, tukiacha nafasi kidogo katikati. Magoli yalikuwa matofali mawili mawili yaliyoachana hatua mbili. Hakuna golikipa. Goli lilihesabiwa tu kama mfungaji amevuka nusu ya kiwanja, ili wasipige kutoka kwao. Mpira ukitoka nje, mtoto anauweka chini na kuuingiza kwa mguu, na wapinzani wanarudi nyuma hatua tatu. Shule ina mipira miwili, wa tatu tuliuazima kwa mtoto wa jirani. Kwa umri huu mpira namba 3 unafaa; namba 5 ni wa wakubwa.

Kila mchezo ulikuwa wa dakika sita, kisha mbili za kunywa maji, maana wanakimbia kweli na wanachoka haraka. Washindi walipanda kiwanja cha juu, walioshindwa wakashuka. Ikiwa sare, waliofunga mwisho ndio wanaopanda. Raha ya utaratibu huu ni kwamba baada ya raundi mbili tatu wenye uwezo sawa wanakutana wenyewe. Yule fundi aliyekuwa akiwapita wote peke yake alijikuta mbele ya mafundi wenzake, ikambidi ainue kichwa atafute mtu wa kumpa. Hakuna aliyemkataza chenga.

Haikwenda sawa tangu mwanzo. Kwenye kiwanja cha tatu watoto walirundikana kama nyuki, mpira haukuonekana. Kocha alitaka kusimamisha. Tatizo lilikuwa kiwanja: ni cha pembeni, na tulipokuwa tukipima tulikwepa shimo, kikatoka chembamba. Tuliongeza hatua tano kwa upande wa nje, na baada ya muda mfupi walianza kutawanyika. Hiyo ndiyo dalili ya kuangalia. Kama hakuna anayepata nafasi ya kuinua kichwa, kiwanja ni kidogo. Kama wanabutua na kukimbiza, ni kikubwa. Tatizo la pili lilikuwa sisi wazazi. "Piga! Toa!" tulipiga kelele hadi watoto wakawa wanaamua kwa masikio.

Mwanangu aligusa mpira mara 11 katika dakika sita za mchezo wa pili. Nusu ya hizo alinyang'anywa. Nakuambia mapema, mzazi mwenzangu, kwa sababu utaona makosa mengi kuliko ulivyozoea na unaweza kudhani ameshuka kiwango. Kwenye uwanja mkubwa hakunyang'anywa kwa sababu hakuwa nao.

Kuna ambayo mchezo huu haufundishi. Hautamfundisha pasi ndefu, wala kuotea, wala golikipa hatajifunza kazi yake bila goli la kimo chake. Hayo yanakuja taratibu wakiwa saba, kisha tisa. Na ukiwa na watoto ambao hawagawanyiki sawa, usiwaweke benchi. Wacha wanne wacheze na watatu; mpungufu atakimbia zaidi kidogo, lakini atakuwa anacheza.

Kocha amekubali tuendelee kila Jumamosi saa 2 asubuhi, kabla ya jua kali. Mimi nimepewa kazi ya kuleta matofali 12 na kutafuta mpira wa tatu, maana mwenye ule wa kuazima sasa anacheza kiwanja cha juu na anasema wake hautaki ushuke.