Kakao ya Beni: mkopo hunenepesha faida, lakini hula nyumba bei ikishuka

Mjini Beni na Butembo, mnunuzi wa kakao mwenye mtaji mdogo hujiuliza swali moja kila msimu: anunue kwa pesa zake peke yake, au aongeze za kukopa? Mwaka 2024 swali hilo lilionekana kuwa na jibu rahisi. Bei ya kakao katika soko la dunia ilikuwa imepanda kupita kiasi, baada ya mavuno ya Ivory Coast na Ghana kuharibiwa na magonjwa ya miti na hali mbaya ya hewa. Kila aliyekuwa na depo, mizani na magunia aliona kwamba kilo anayonunua leo itauzwa ghali zaidi wiki ijayo. Katika hali kama hiyo, asiyekopa huonekana mjinga.

Lakini bei hiyo haipangwi Oicha, wala Mutwanga, wala Mavivi. Inapangwa kwenye masoko ya London na New York, na huko hupanda na kushuka bila kumsubiri mtu aliye na gunia ndani ya depo. Aprili 2024 tani moja ilivuka dola 11,000 New York. Kabla Mei haijafika katikati, ilikuwa imeshuka hadi karibu dola 7,000. Desemba mwaka huohuo ikapanda tena na kuvuka dola 12,000, kisha ikaanza safari ndefu ya kuteremka, na mwishoni mwa 2025 ilikuwa ikizunguka dola 6,000. Ni kati ya kupanda na kushuka huko ndipo mkopo huonyesha sura zake mbili.

Chukua mfano wa mnunuzi mwenye dola 5,000 zake mwenyewe. Tarakimu hizi ni za mfano tu, ili hesabu iwe nyepesi. Ananunua kilo moja kwa dola 5, hivyo anapata kilo 1,000. Baada ya mwezi mmoja anauza kwa dola 5.50. Ukiacha gharama za magunia na usafiri, amepata faida ya dola 500, yaani asilimia 10 ya mtaji wake.

Jirani yake naye ana dola 5,000, lakini anaongeza dola 15,000 za koperative kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi. Ananunua kilo 4,000. Anapouza kwa dola 5.50 anapata dola 22,000. Analipa deni na riba, dola 15,450, na kubaki na 6,550. Faida yake ni dola 1,550, asilimia 31 ya mtaji uleule. Bei ni ileile, soko ni lilelile, muda ni uleule. Kilichobadilika ni kwamba pesa za watu wengine zimemfanyia kazi. Hapo hakuna ujanja wala dhambi. Faida ya kila kilo ilikuwa asilimia 10, riba ilikuwa asilimia 3, na tofauti hiyo akaiweka mfukoni.

Sasa rudia hesabu hiyo bei ikienda upande wa pili. Kilo inashuka kutoka dola 5 hadi 4.50. Mnunuzi wa kwanza anapoteza dola 500. Anaumia, lakini kesho anarudi sokoni na dola 4,500. Jirani anauza kilo 4,000 kwa dola 18,000, analipa 15,450, anabaki na 2,550. Bei imeshuka asilimia 10 tu, naye amepoteza karibu nusu ya kila alichokuwa nacho. Ikishuka hadi dola 3.75, mzigo wote unampa dola 15,000, na deni ni 15,450. Mtaji umekwisha, na bado anadaiwa dola 450. Wa kwanza, kwa bei hiyohiyo mbaya, angali ana dola 3,750 mkononi.

Kwa hiyo kabla ya kutia sahihi, mkopaji anapaswa kujua namba moja: bei ambayo chini yake mtaji wake wote umekufa. Kuipata hakuhitaji shule kubwa. Gawanya deni pamoja na riba kwa kilo zilizomo ndani ya depo. Kwa jirani yule, 15,450 gawanya kwa 4,000 ni dola 3.86. Bei ya kununulia ikiwa 5, inatosha ishuke asilimia 23 na yeye hana kitu. Soko la dunia lilishuka zaidi ya hapo kati ya Aprili na Mei 2024, kwa wiki chache tu. Kama angekopa dola 5,000, sawa na mtaji wake, angenunua kilo 2,000 na deni lingekuwa 5,150. Namba yake ingekuwa dola 2.58. Bei ingehitaji kushuka karibu nusu ili kumwangusha. Tofauti kati ya mkopo unaosaidia na mkopo unaoua mara nyingi iko hapo, katika kiasi, wala si katika riba.

Baada ya bei kuna adui wa pili, na huyu anajulikana vizuri zaidi katika eneo hili: kuchelewa. Kakao ya Beni hutoka kwa kupitia Kasindi kuingia Uganda, kisha huelekea bandari ya Mombasa. Njia ya Beni kwenda Kasindi imeshambuliwa mara nyingi na waasi wa ADF, na magari yamelazimika kungoja ulinzi au kusimama kabisa. Vijijini, mkulima anayekimbia shamba lake hawezi kuleta mzigo uliokwisha kulipiwa. Wakati wa Ebola, kati ya 2018 na 2020, wafanyabiashara wa Butembo na Beni walijifunza kwamba biashara inaweza kuzuiwa hata na jambo ambalo halikuwemo katika hesabu ya mtu yeyote.

Riba haiathiriwi na hayo yote. Kila mwezi mzigo ukilala, jirani yule anaongeza dola 450 kwenye deni. Faida yake kabla ya riba ilikuwa dola 2,000. Miezi minne na nusu ikipita, hata bei isiposhuka senti moja, faida yote imeliwa. Mwenye pesa zake mwenyewe anaweza kungoja barabara ifunguke au bei ipande tena. Mwenye deni hana ruhusa ya kungoja. Anauza siku ya kulipa, kwa bei yoyote, na wanunuzi wakubwa wanaijua siku hiyo.

Kosa dogo la ununuzi nalo hukuzwa na mkopo. Kakao kavu inayosafirishwa hutakiwa iwe na unyevu wa karibu asilimia 7 na nusu. Mnunuzi mwenye haraka ya kumaliza pesa za mkopo hupokea kakao ambayo haijakauka vizuri. Akinunua kilo 4,000 zenye unyevu wa asilimia 12, baada ya kuzikausha sawasawa zitabaki kama 3,805. Kilo karibu 195 zimepaa kama mvuke. Kwa bei ya dola 5.50 hizo ni zaidi ya dola 1,000, yaani sehemu kubwa ya ile faida ya dola 1,550. Hasara hiyo ingekuwa robo tu kwa mtu wa kilo 1,000, na asingekuwa na benki mlangoni.

Hayo hayamaanishi kwamba kukopa ni kosa. Kuna deni linalofanana na kitu kilichonunuliwa, na hilo ndilo linalojenga. Wafanyabiashara wa Butembo walijulikana mbali kwa kuagiza bidhaa kutoka Asia kwa kuungana, kila mmoja akiwa na sehemu yake ndani ya kontena. Mwenye sehemu anajua mzigo ni wa nini, utauzwa kwa nani, na hasara yake inaishia kwenye sehemu hiyo. Vilevile mkulima anayekopa dola 300 katika kikundi cha AVEC ili atengeneze masanduku ya kuchachushia na vichanja vya kukaushia hachezi kamari na bei ya London. Ananunua ubora. Bei ikiwa juu au chini, kakao iliyochachushwa na kukaushwa vizuri inampita mwenzake mwenye kakao mbichi, na vichanja vinabaki kwa misimu kadhaa baada ya deni kwisha.

Kuna pia njia ya kukopa kwa kilo badala ya dola. Msafirishaji humpa mnunuzi pesa mapema, nao wanakubaliana bei siku hiyohiyo: nipe kilo kadhaa kwa bei hii. Mnunuzi akinunua mara moja, kushuka kwa bei si mzigo wake tena. Lakini akipokea pesa na kungoja, kisha bei vijijini ikapanda, atanunua ghali na kukabidhi rahisi. Na kama bei haikupangwa na msafirishaji anasema italipwa ya siku ya kufikisha mzigo, basi hatari yote imebaki kwa mnunuzi, ingawa pesa si zake. Swali la kuuliza kabla ya kupokea bahasha ni moja: bei ikianguka kabla ya mzigo kufika, nani analipa?

Wakopeshaji nao wana sehemu yao. Mkopo wa kununua kakao unaodai malipo siku ya 30, wakati safari na malipo ya msafirishaji vinaweza kuchukua siku 60, umetengenezwa ili ushindwe. Na koperative inayompa mtu mara tatu ya mtaji wake kwa sababu tu ameweka parsele rehani haikopeshi biashara, inakopesha nyumba. Wanaolala ndani ya nyumba hiyo hawakuulizwa kuhusu bei ya New York.

Busara kwa biashara hii, katika eneo hili, ni mnunuzi kutokopa zaidi ya mtaji wake, kuhesabu riba ya miezi miwili zaidi ya anayotarajia, na kuweka rehani mzigo au pikipiki, si makao ya familia. Atapata faida ndogo kuliko jirani katika mwaka mzuri. Wahenga walisema kukopa arusi, kulipa matanga. Katika depo za Beni, arusi ilikuwa Desemba 2024. Waliokopa kwa kipimo bado wananunua. Aliyekopa mara tatu ya mtaji wake siku ile anaweza kuifanya hesabu yake mwenyewe.