Kabla ya kulipa mafuta ya kujipaka, geuza chupa usome nyuma

Katika masoko na butike za Goma, Bukavu, Butembo ama Bunia, mafuta ya kujipaka huchaguliwa kwa mambo matatu: harufu, maneno makubwa ya mbele na bei. Muuzaji hufungua kifuniko, mteja hunusa, kisha hulipa. Nyuma ya chupa kuna orodha ya maandishi madogo ambayo wengi hawaigusi kwa macho. Lakini pale ndipo mtengenezaji anapolazimika kusema alichotia ndani. Mbele ya chupa anauza, nyuma anajieleza.

Kwa hiyo orodha hiyo inapaswa kusomwa kabla pesa haijatoka mfukoni, zaidi sana kwa mafuta ya mtoto mchanga na ya mtu mwenye ngozi inayowasha haraka. Si lazima mtu awe mkemia. Inatosha kujua orodha imepangwa namna gani, na majina machache ya kutafuta.

Mpangilio una sheria yake

Viambato havipangwi kwa uzuri wala kwa herufi. Katika nchi za Ulaya na Amerika, sheria inadai kilicho kingi kwa uzito kitangulie, kifuatwe na kinachopungua kidogo, vivyo hivyo kuteremka. Viwanda vingi vya nchi nyingine vinafuata utaratibu huo huo. Tena majina yenyewe ni karibu yale yale kila mahali. Maji yataandikwa AQUA hata kama chupa imetoka Ufaransa, Dubai ama Kenya. Kwa hiyo anayejifunza majina hayo mara moja anaweza kuyasoma kwenye chupa nyingi.

Lakini kuna mahali ambapo mpangilio unakoma. Viambato vyote ambavyo kila kimoja hakifiki asilimia 1 vinaruhusiwa kuandikwa kwa mpangilio wowote, mradi viwekwe baada ya vile vikubwa. Rangi nazo zinaweza kuandikwa mwishoni kabisa, zikiwa na alama CI na namba. Mstari huo wa asilimia 1 hauchorwi kwenye chupa, na mtengenezaji anaweza kuutumia kwa ujanja: kiambato chenye jina zuri kinasogezwa juu kati ya vile vidogo, chenye jina baya kinasukumwa chini.

Namna rahisi ya kuutambua mstari ni kutafuta neno PHENOXYETHANOL. Hii ni dawa ya kuzuia mafuta yasioze, inayotumiwa sana. Sheria ya Ulaya haikubali ipite asilimia 1. Basi kwenye chupa inayofuata sheria hiyo, kila kilichoandikwa baada ya neno hilo, isipokuwa rangi, hakipiti asilimia 1.

Chupa moja, neno kwa neno

Chukua mfano wa chupa ya gramu 400. Mbele imechorwa jani la aloe vera, na imeandikwa kwamba ina vitamini E. Nyuma inasema: AQUA, PARAFFINUM LIQUIDUM, GLYCERIN, CETEARYL ALCOHOL, GLYCERYL STEARATE, ALCOHOL DENAT., PHENOXYETHANOL, PARFUM, ALOE BARBADENSIS LEAF JUICE, TOCOPHERYL ACETATE, LIMONENE, LINALOOL, CI 19140.

Maji yako mbele, kwa hiyo hakuna kingine kinachoyapita uzito. Katika mafuta mepesi ya aina hii mara nyingi yanapita nusu ya chupa. Yanafuata mafuta ya parafini na glisirini, ambavyo ndivyo vinalainisha ngozi. Hiyo ndiyo kazi halisi ya chupa hii, na si kazi mbaya.

Na aloe vera? Imeandikwa baada ya PHENOXYETHANOL. Haipiti asilimia 1, yaani gramu 4 katika gramu 400. Haijazi hata kijiko cha chai. Vitamini E, ambayo hapa inaitwa TOCOPHERYL ACETATE, nayo iko upande ule ule wa mstari. Mteja aliyelipa zaidi kwa sababu ya jani lililochorwa mbele amenunua maji na parafini, na aloe vera kidogo sana.

Hapo pia kuna tahadhari. PARFUM, yaani manukato, imeandikwa kabla ya aloe vera. Mtu anaweza kukata kauli kwamba manukato ni mengi kuliko aloe vera. Hawezi kujua. Vyote viwili viko chini ya mstari, na chini ya mstari mpangilio hausemi kitu.

Alkoli si moja

Katika orodha hiyo neno ALCOHOL linaonekana mara mbili, na maana zake ni mbali kabisa. CETEARYL ALCOHOL ni kitu kama nta. Inayafanya mafuta yawe mazito na inasaidia kulainisha ngozi. Ndugu zake ni CETYL ALCOHOL na STEARYL ALCOHOL. Anayerudisha chupa dukani kwa sababu ya majina hayo amekosea adui.

Ya kuchunguza ni ALCOHOL DENAT., ama neno ALCOHOL likiwa peke yake, ama ISOPROPYL ALCOHOL. Hizo ni za kukauka haraka, na zinapokuwa nyingi zinakausha ngozi na kuichoma pale penye mikwaruzo. Nafasi ndiyo inaamua. Ikiwa ya pili ama ya tatu, hayo mafuta hayafai mtu mwenye ngozi kavu ama mtoto mwenye upele. Katika mfano wetu ni ya sita, karibu na mstari: ni kidogo, lakini kwenye mafuta yaliyotajwa kuwa ya mtoto mzazi ana haki ya kuuliza kwa nini imo.

Kinachochoma na kinachokataliwa na mwili

Hapa ndipo wasomaji wengi wa orodha wanapojikwaa. Wanasema: kiko mwishoni, ni kidogo, basi hakina neno. Hiyo ni kweli nusu. Kuna vitu vinavyoudhi ngozi ya mtu yeyote vikiwa vingi ama vikikaa muda mrefu. Kwa hivyo, nafasi ya juu ina maana kubwa. SODIUM LAURYL SULFATE ni mfano: ni kitu cha kutoa povu katika sabuni na shampuu, na madaktari wa ngozi wanaijua kama kitu kinachowasha. Ikiwa ya pili kwenye sabuni ya maji ya kumwogesha mtoto mwenye ukurutu, tafuta nyingine.

Lakini kuna alerji, na alerji haifuati hesabu hiyo. Mwili uliokwisha kukataa kitu unaweza kuvimba na kuwasha kwa chembe ndogo tu. Dawa ya kuzuia uozo inayoitwa METHYLISOTHIAZOLINONE ilitumiwa kwa kiasi kidogo sana, mwishoni mwa orodha, na bado iliwapa watu wengi alerji hata Ulaya ikaikataza tangu 2017 katika mafuta yanayobaki juu ya ngozi. Basi anayetafuta kinachochoma aanze juu. Anayejua mwili wake unakataa kitu fulani asome mpaka neno la mwisho.

Manukato ndiyo sababu kubwa ya kufika huko mwisho. Neno PARFUM ni moja, lakini ndani yake kunaweza kuwa na vitu makumi, na mtengenezaji haombwi kuvitaja vyote. Ulaya ililazimisha mwaka 2005 majina 26 ya vitu vya harufu yaandikwe waziwazi, na sheria ya 2023 imeipanua orodha hiyo kupita 80, viwanda vikipewa muda mpaka 2026 na 2028. Hii ndiyo sababu LIMONENE na LINALOOL zinaonekana mwishoni mwa chupa yetu. Katika mafuta yanayobaki kwenye ngozi, jina linapaswa kuandikwa likipita asilimia 0,001. Kwenye gramu 400 hiyo ni miligramu 4 tu. Wala neno «asili» halimwokoi mtu: mafuta ya ndimu na ya lavanda yamejaa vitu hivyo hivyo.

Orodha inapoficha

Kuna kesi moja ambayo inawahusu wengi mashariki mwa Kongo: krimu za kung'arisha ngozi. Klobetasoli ni dawa kali ya ngozi ambayo kwa kawaida hutengenezwa kwa kiasi cha asilimia 0,05. Katika tubu ya gramu 30 hiyo ni miligramu 15. Kwenye orodha ya kawaida CLOBETASOL PROPIONATE ingekaa chini kabisa, baada hata ya manukato, na bado ndiyo yenye nguvu kuliko vyote vilivyotangulia. Ikitumiwa kila siku bila daktari, inapunguza unene wa ngozi na kuacha michirizi isiyofutika. Mara nyingi anayeiacha ghafla anaona ngozi inawaka kuliko mwanzo, kisha anairudia akidhani ndiyo inamponya.

Mbaya zaidi ni pale isipoandikwa kabisa. Orodha ina thamani ya uaminifu wa aliyeiandika. Krimu iliyopimwa kutoka ndoo na kutiwa kwenye kikopo kisicho na etiketi haina la kusomwa. Krimu inayotuliza upele kwa siku mbili wakati orodha inataja maji na mafuta tu inapaswa kushukiwa. Kipimo cha nyumbani kinasaidia kidogo: paka sehemu ndogo ya ndani ya kiwiko mara mbili kwa siku, siku saba, kabla ya kupaka mwili wote. Kinaonyesha mwasho, lakini hakigundui dawa iliyofichwa.

Wapo watakaosema kwamba herufi ni ndogo, majina ni magumu, na mama mwenye franka chache hana nafasi ya kuchagua. Herufi ni ndogo kweli, lakini simu nyingi leo zina kamera inayoweza kuzikuza. Na kuhusu pesa, orodha mara nyingi inamtetea mwenye franka chache. Inaweza kumwonyesha kwamba vazelini ya bei ndogo isiyo na manukato, ambayo orodha yake ni neno moja, PETROLATUM, inamfaa mtoto kuliko chupa ya bei kubwa yenye jani la kijani mbele.

Mzigo huu hata hivyo usiachiwe mnunuzi peke yake. Shirika la OCC, ambalo kazi yake ni kuchunguza bidhaa zinazoingia nchini, lianze na jambo rahisi: mafuta yasiyo na orodha inayosomeka yasipite mpakani wala yasikae kwenye meza ya soko. Na muuzaji anayemwachia mteja kunusa amwachie pia kugeuza chupa na kusoma.