Kosa la Mtoto na Shajara ya Mwalimu

Mwishoni mwa andalio la somo kuna nafasi ya tathmini na nafasi ya maoni. Mkufunzi aliyewahi kuzunguka shuleni kukagua wanachuo walio kwenye mazoezi ya kufundisha anajua atakachokikuta hapo: “Somo limeeleweka kwa asilimia 80. Wachache hawakuelewa, nitarudia.” Shajara nayo hufuata mkondo huohuo, ila kwa maneno mengi zaidi: niliingia, nikasalimia, nikafundisha, nikatoa zoezi, nikasahihisha, kengele ikalia. Toleo hili linahusu shajara hiyo. Msimamo wetu ni kwamba maelezo ya namna hiyo hayamfundishi kitu aliyeyaandika, kwa sababu hata mtu ambaye hakukanyaga darasani siku ile angeweza kuyaandika.

Tuchukue mfano. Mwanachuo anafundisha Darasa la Tano kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Swali la kwanza ni 1/2 + 1/3, na madaftari mengi yanarudi na jibu 2/5. Jioni anaandika kwamba wanafunzi hawana msingi wa sehemu. Kauli hiyo tunakutana nayo mno, na hatuipendi. Inamtwika lawama mwalimu wa mwaka jana, kisha haimwachii mwandishi la kufanya kesho isipokuwa kurudia somo lilelile.

Angebaki kidogo na lile 2/5, angefika mbali. Amuulize mtoto amelipataje, na jibu aliandike kama lilivyotamkwa: “Nimehesabu vilivyopakwa ni viwili, vyote ni vitano.” Vilivyopakwa wapi? Hapo anaukumbuka mchoro wake mwenyewe ubaoni: machungwa mawili, moja limegawanywa vipande viwili, la pili vitatu, na katika kila chungwa kipande kimoja kimepakwa chaki. Mtoto hakubahatisha. Alisoma zana ya mwalimu kama ilivyochorwa. Mchoro ulimpa vitu vizima viwili vya kuhesabia kwa pamoja, ilhali hesabu ilitaka nusu na theluthi zipimwe kwa kizima kimoja.

Hayo yakishaandikwa, andalio la kesho linabadilika lenyewe. Kwanza litauliza ipi kubwa, 2/5 au 1/2, ili darasa lishangae jinsi nusu ilivyoongezewa kitu ikapungua. Halafu zitakuja karatasi mbili zilizo sawa kwa ukubwa, kila moja ikikunjwa katika sehemu sita zilizo sawa: nusu ni 3/6, theluthi ni 2/6, jumla 5/6 ya karatasi moja. Na mwanachuo aandike mapema atakachokitazama. Akitoa 1/4 + 1/3 na bado wakamletea 2/7, basi mchoro haukuwa chanzo pekee. Huenda wanajumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili kwa mazoea ya namba nzima, naye atalazimika kutafuta tena. Uchambuzi wa jana ulikuwa dhana tu, na shajara ndiyo inayomwezesha kuipima.

Donald Schön, katika kitabu chake cha mwaka 1983, alitofautisha tafakuri inayofanyika kazi ikiendelea na ile inayokuja baadaye. Shajara ni ya hiyo ya pili, lakini inategemea kumbukumbu za ile ya kwanza. Kwa hiyo maneno ya mtoto yaandikwe pembeni ya andalio mara tu kipindi kinapokwisha, kwani hadi jioni yatakuwa yamegeuka kuwa maneno ya mwalimu. Jina la mtoto halihitajiki.

Mzunguko wa Graham Gibbs wa mwaka 1988 una hatua sita: maelezo ya tukio, hisia, tathmini, uchambuzi, hitimisho na mpango wa utekelezaji. Unafaa sana, ila huharibika ukigeuzwa fomu. Tumeona maelezo yakijaza ukurasa mzima na uchambuzi ukipewa mstari mmoja. Hisia nazo huandikwa ili kumridhisha mkaguzi: “nilijisikia vibaya.” Hisia ina kazi pale tu inapoeleza tendo, kwa mfano kwamba woga wa kuchelewa ulimfanya mwalimu apite mkono ulionyooshwa bila kuuliza.

Wakufunzi wenzetu, tunawaomba jambo moja. Mwanachuo anayejua kwamba shajara yake itasomwa na yuleyule anayempa alama za ufundishaji ataficha lile 2/5, na hatuwezi kumlaumu. Msiidai kurasa za kila siku. Tukio moja au mawili kwa wiki yaliyochimbuliwa hivyo yanatosha. Na mnapoisahihisha, ifungueni sambamba na andalio la kipindi kilichofuata. Alama itolewe kwa kilichobadilika pale kutokana na kilichoandikwa, hata kama somo lenyewe lilikwenda kombo.