Tovuti ya duka haihitaji seva ya peke yake

SAFU YA IJUMAA
Na Salum Mkwizu

Wafanyabiashara wa jumla wa Mchafukoge na Kariakoo wanaofungua tovuti za kampuni zao hukutana na swali la kwanza hata kabla picha ya bidhaa haijapandishwa: tovuti ikae wapi? Majibu yapo matatu. Unaweza kulipia upangishaji wa pamoja, ambapo tovuti mamia kadhaa hukaa kwenye seva moja na kampuni inayopangisha ndiyo inayoitunza. Unaweza kukodi seva pepe, yaani kipande cha seva ambacho ni chako tangu mfumo wa uendeshaji hadi nenosiri la mkuu wa mashine. Au unaweza kujiunga na jukwaa kama Shopify au Wix, ambako kila kitu kimeshatengenezwa na wewe unajaza bidhaa na bei. Fundi anayeitwa kushauri, mara nyingi, atasema chukua seva pepe, kwa hoja kwamba ile ya pamoja itazidiwa wateja wakiongezeka. Hoja hiyo ndiyo ninayoipinga, kwa sababu huwa inatolewa bila hesabu, na hesabu yenyewe si ngumu.

Tuchukue kampuni inayouza vipuri vya magari, yenye bidhaa mia tatu kwenye tovuti iliyojengwa kwa WordPress. Tuseme inapata wageni 500 kwa siku, ambao kwa duka la namna hiyo ni wengi, na kila mgeni anafungua kurasa tano. Hizo ni kurasa 2,500. Ukizitandaza kwenye saa kumi za kazi, yaani sekunde 36,000, unapata ukurasa mmoja kila baada ya sekunde 14 hivi. Seva ikitumia nusu sekunde kuuandaa ukurasa, basi muda uliobaki imekaa tu haina la kufanya. Sasa tuzidishe wateja mara ishirini, kama ndio wiki ya mwisho kabla ya Idd. Tunafika kurasa 50,000, chini kidogo ya moja na nusu kwa sekunde, na kwa wastani kazi inayoendelea wakati wowote ndani ya seva haifiki hata ukurasa mmoja kamili. Vifurushi vingi vya pamoja, vile vinavyotumia mfumo wa CloudLinux, huruhusu kazi ishirini za namna hiyo kwa mpigo. Kampuni yetu bado iko mbali sana na ukuta.

Fundi atajibu kwamba wateja hawaji kwa wastani, wanakuja kwa mkupuo. Hapo ana haki, na mkupuo wa siku hizi unatoka WhatsApp. Mwenye duka anatupa kiungo cha mzigo mpya kwenye kundi la watu elfu moja, na mia tatu wanakibonyeza ndani ya dakika moja. Hao ni watu watano kwa sekunde. Kama ukurasa unaandaliwa kwa nusu sekunde, kazi zinazoendelea kwa pamoja ni mbili au tatu, na hakuna anayegundua lolote. Lakini kama tovuti imejazwa plagini ishirini na tano, hakuna akiba ya kurasa zilizokwishaandaliwa, na kila ukurasa unachukua sekunde nne, basi tano mara nne ni ishirini. Hapo ndipo mteja anapokutana na maandishi "508 Resource Limit Is Reached", mwenye duka anapiga simu kwa hasira, na fundi anapata ushahidi wake kwamba upangishaji wa pamoja haufai.

Angalia vizuri kilichobadilika katika mifano hiyo miwili. Wateja ni walewale, seva ni ileile, kifurushi ni kilekile. Kilichoongezeka ni uzito wa tovuti. Kuihamishia tovuti ya sekunde nne kwenye seva pepe ni kuhama na ugonjwa: seva mpya itaubeba mkupuo kidogo zaidi, kisha nayo italemewa. Kufuta plagini zisizotumika na kuwasha moja ya kuhifadhi kurasa zilizoandaliwa kunaweza kumaliza tatizo mchana mmoja, bila kulipa kodi mpya. (Picha za simu zenye megabaiti nne kila moja ni kosa jingine, ila hilo hulipwa na bando la mteja: picha ishirini katika ukurasa mmoja ni megabaiti 80.)

Seva pepe ina mvuto kwa sababu bei yake inaonekana ndogo. DigitalOcean, kwa mfano, imekuwa ikikodisha seva yenye gigabaiti moja ya kumbukumbu kwa dola sita kwa mwezi, ambazo kwa dola ya shilingi 2,500 ni shilingi 15,000, au 180,000 kwa mwaka. Kifurushi cha pamoja cha hapa nchini kinaweza kukaribia kiasi hicho, kwa hiyo mtu anajiuliza kwa nini asichukue chumba chake mwenyewe. Jibu ni kwamba bei hiyo ni ya mashine bila mtu. Mtu ndiye anayepaswa kusasisha mfumo, kuangalia kama cheti cha usalama, ambacho kile cha bure cha Let's Encrypt hudumu siku 90, kimejihuisha chenyewe, na kufuta kumbukumbu za matukio kabla hazijajaza diski. Kwenye gigabaiti moja kuna jambo la kawaida kabisa: kumbukumbu inaisha, mfumo wa Linux unaamua kuiua programu inayokula nafasi kubwa, na mara nyingi programu hiyo ni hifadhidata. Tovuti inabaki na mstari mmoja tu, "Error establishing a database connection". Kuiwasha tena ni kazi ya dakika moja kwa anayejua. Swali ni nani anayejua kwamba imezimika saa nane usiku wa Jumamosi, na kama analipwa kujua. Ukimlipa fundi shilingi 50,000 tu kwa mwezi kwa kazi hiyo, umeongeza 600,000 kwa mwaka juu ya ile 180,000. Usipomlipa, kazi hiyo haifanywi.

Wapo watakaosema kwamba masasisho yanaweza kujiendesha, na kwamba zipo paneli za kurahisisha usimamizi. Ni kweli, na fundi makini huyawasha masasisho siku ya kwanza. Lakini sasisho la kujiendesha haliondoi mafaili yaliyojaza diski wala haliihamishi tovuti kwenda toleo jipya la PHP bila plagini kuvunjika. Paneli ya cPanel, ambayo wengi wameizoea, leseni yake ya mwezi kwa seva yako peke yako inazidi mara kadhaa zile dola sita. Ukiwa kwenye seva ya pamoja, gharama ya leseni na mshahara wa mtu wa zamu mnazigawana wapangaji wote, na huko ndiko unafuu wake ulipo.

Kuna pingamizi zito zaidi, nalo ni la jirani mbaya. Kwenye seva ya pamoja anwani ya mtandao ni ya wote. Mpangaji mmoja akidukuliwa na tovuti yake ikaanza kumwaga barua taka, anwani hiyo inaingia kwenye orodha ya watumaji wabaya, na profoma unayoitarajia kumfikia mteja wa Lubumbashi inaishia kwenye kapu la taka. Kwa wafanyabiashara wengi wa mitaa hii hasara hiyo inauma kuliko tovuti kuzimika, kwani oda huja kwa simu na barua pepe. Je, seva pepe inatibu? Kwa barua, hapana. DigitalOcean hiyohiyo hufunga milango ya kutuma barua, namba 25, 465 na 587, kwenye seva zake, na hata kwa mpangishaji anayeiacha wazi, anwani mpya isiyojulikana hutiliwa shaka na Gmail. Tiba ni kuitenganisha barua na tovuti: rekodi za MX za kikoa chako cha .co.tz zielekezwe kwenye huduma ya barua tu, kama Zoho au Google Workspace, na tovuti ibaki ilipo. Ukifanya hivyo, hoja kubwa dhidi ya upangishaji wa pamoja inakuwa imekwisha.

Jukwaa lililokwishatengenezwa nalipendekeza kwa kampuni moja tu: isiyo na fundi kabisa na inayotaka kuuza moja kwa moja mtandaoni. Huko hakuna plagini ya kusasisha wala diski ya kujaa. Ila malipo ni ya dola kwa kadi kila mwezi, na kwa kuwa huduma ya malipo ya Shopify yenyewe haipo Tanzania, ukitumia mtu wa tatu kupokea pesa kwenye kifurushi cha msingi unakatwa asilimia mbili ya kila mauzo juu ya makato ya huyo wa tatu. Kwa anayeuza kwa faida nyembamba ya jumla, asilimia mbili si ndogo. Wix nayo haikuruhusu kuibeba tovuti yako kwenda kuiweka kwingine. Siku ya kuhama unaanza upya.

Umbali nao una uzito wake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika kusini mwa bahari yetu, intaneti ya Tanzania iliyumba, na kilichokuwa ng'ambo kikawa kigumu kufikika. Tovuti iliyopo kwenye seva ya Dar es Salaam ina nafasi nzuri siku kama hiyo, kwa kuwa kampuni za intaneti hubadilishana data hapahapa mjini. Lakini kampuni kuwa ya Kitanzania hakumaanishi seva yake iko Tanzania, maana wengine huuza nafasi za Ulaya kwa jumla na rejareja. Andika `ping` na jina la kikoa ukiwa Dar. Jibu la milisekunde chache linamaanisha seva iko karibu, na la 150 au zaidi linamaanisha imevuka bahari.

Popote utakapokwenda, uliza nakala rudufu inakaa jengo gani. Soko Kuu la Kariakoo liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021. Miezi minne kamili kabla yake, tarehe 10 Machi, jengo la seva la kampuni ya OVH liliteketea mjini Strasbourg, Ufaransa, na mmoja wa wateja waliolipia huduma ya nakala rudufu akagundua kwamba nakala zake zilikuwa ndani ya jengo lilelile. Mahakama ya biashara ya Lille ilimpa fidia ya zaidi ya euro 100,000 mwaka 2023, lakini data haikurudi. Kwenye paneli ya upangishaji wa pamoja kuna kitufe cha kupakua akaunti nzima kuwa faili moja. Kwa duka la bidhaa mia tatu faili hilo huingia kwenye fleshi ya kawaida, na mwenye kampuni anaweza kulipakua mwenyewe kila mwisho wa mwezi, bila fundi.